Benki tano, sababu moja: kwa nini wingi wa hisa si kinga

Jumatano, tarehe 24 Agosti 2016, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyoweka kikomo cha riba nchini Kenya. Benki hazingeruhusiwa tena kutoza mkopo zaidi ya pointi nne juu ya riba ya Benki Kuu, ambayo wakati huo ilikuwa asilimia 10.5. Wateja wengi walikuwa wakilipa asilimia 18 au zaidi, na sasa kikomo kikawa 14.5. Juu ya hayo, akiba zenye riba zilipaswa kulipwa angalau asilimia 70 ya kiwango hicho cha msingi. Benki zikabanwa pande zote mbili: zinachopokea kikapungua, zinachotoa kikaongezeka.

Soko la Hisa la Nairobi lilipofunguliwa Alhamisi asubuhi, hisa za KCB, Equity na benki nyingine kubwa ziliporomoka kwa karibu asilimia 10 kwa siku ile moja. Hakukuwa na benki iliyofanya kosa jipya usiku ule. Hakuna meneja aliyeiba wala tawi lililoungua. Ni sababu moja tu iliyoshuka kutoka Ikulu na kuzipiga zote kwa pamoja.

Kazi yangu ni kuwaelimisha wawekezaji wadogo, na mfano huu ndio ninaourudia mara nyingi zaidi, kwa sababu unagusa kosa ambalo watu makini hulifanya wakidhani wanajilinda. Chukua mtu aliyekuwa na shilingi 500,000. Ameambiwa asiweke fedha zake mahali pamoja, akatii. Akagawa laki moja moja katika benki tano. Kwenye karatasi ana kampuni tano, bodi tano za wakurugenzi, taarifa tano za mwaka. Ile Alhamisi akagundua kwamba ana kitu kimoja chenye majina matano.

Tuone hesabu yake, maana hapa ndipo watu wengi hushangaa.

Kwanza tunahitaji kipimo cha mtikisiko, yaani kadiri faida ya mwaka inavyoyumba juu na chini ya wastani wake. Tuseme kila moja ya hisa zile tano ina mtikisiko wa asilimia 20. Kama wastani wa faida ni asilimia 12 kwa mwaka, basi mwaka wa kawaida unaweza kukupa 32 au ukakutia hasara ya 8, na miaka mibaya zaidi ipo. Namba hizi nimezichagua kwa ajili ya mfano, ili hesabu iwe nyepesi.

Pili tunahitaji kipimo cha uhusiano, kinachoonyesha hisa mbili zinatembea pamoja kiasi gani. Hukaa kati ya +1 na -1. Zikipanda na kushuka sambamba daima, ni +1. Moja ikienda bila kujali nyingine, ni 0. Moja ikipanda kila mara nyingine inaposhuka, ni -1. Benki za nchi moja hukopesha watu walewale, hufuata riba ileile ya Benki Kuu na husimamiwa na mdhibiti yuleyule, kwa hiyo tuzipe uhusiano wa 0.8.

Ukiwa na benki moja, mtikisiko wako ni asilimia 20. Ukiwa na tano kwa mafungu sawa, unashuka hadi 18.3. Unaweza kusema hiyo si haba. Lakini endelea kuongeza: hata ukipata benki mia moja za namna hiyo, utafika 17.9 na hapo utakwama. Hakuna idadi itakayokushusha chini ya hapo, kwa sababu kilichobaki si hatari ya benki hii au ile. Ni hatari ya sekta nzima, na kuongeza benki hakuiondoi.

Sasa acha zile mia. Chukua vitu viwili tu, kila kimoja kikiwa na mtikisiko uleule wa asilimia 20, ila havina uhusiano, yaani 0. Gawa nusu kwa nusu. Mtikisiko wa mkoba mzima, yaani wa vyote viwili kwa pamoja, unakuwa asilimia 14.1. Vitu viwili visivyofuatana vimekulinda kuliko mia vinavyofuatana. Na kama vyote viwili vina wastani wa faida wa asilimia 12, mkoba nao utakuwa na wastani wa asilimia 12. Hujatoa faida yoyote ya wastani kununua utulivu huo. Harry Markowitz aliliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1952, na mwaka 1990 akashiriki Tuzo ya Nobeli ya uchumi.

Sababu yake si ya kimiujiza. Wastani wa mkoba ni wastani wa vilivyomo, basi. Lakini misukosuko haijumlishwi hivyo, kwa sababu kuna miaka ambayo kimoja kinaporudi nyuma kingine kinasonga mbele, na sehemu ya pigo inafutika kabla haijakufikia wewe.

Kwa hiyo swali linalofaa kabla ya kununua hisa ya sita haliko kwenye hesabu ya kampuni. Jiulize: ni jambo gani likitokea litaangusha hii? Je, jambo hilohilo litaangusha nilizonazo? Turudi kwenye ile sheria ya 2016. Iliumiza hisa za benki kwa kubana faida ya mikopo. Lakini benki, zikiona mteja wa kawaida halipi riba inayotosha kwa hatari yake, zilikuwa na sababu kubwa zaidi ya kuikopesha Serikali badala yake. Maana yake ni kwamba jambo lililoiumiza hisa ya benki ndilo lililoongeza wanunuzi wa hatifungani za Serikali. Mtu yule mwenye laki tano, kama angekuwa na laki mbili katika hatifungani, angekuwa na kitu ambacho pigo lile halikukilenga.

Mfano mwingine ni shilingi inapodhoofika. Kampuni inayouza chai au parachichi nje hupokea dola na kulipa mishahara kwa shilingi, hivyo hupata nafuu. Shirika la ndege linalolipia mafuta na ukodishaji wa ndege kwa dola huumia. Hisa hizo mbili hupigwa na upepo mmoja, ila moja unaisukuma mbele na nyingine unairudisha nyuma. Fikra hii ya sababu naiamini kuliko kipimo chochote, lakini kipimo nacho kina kazi yake, na si kigumu kukipata.

Andika bei za mwisho wa mwezi za vitu viwili kwa miaka mitatu hivi. Kutoka kwenye bei hizo, kokotoa badiliko la kila mwezi kwa asilimia. Ukiwa na bei 37 utapata mabadiliko 36. Yapange katika safu mbili za jedwali la kompyuta, kisha andika:

```
=CORREL(B2:B37,C2:C37)
```

Usitumie bei zenyewe. Vitu viwili ambavyo vyote vimepanda kwa miaka kadhaa vitaonekana vinafuatana hata kama safari zao za mwezi hadi mwezi hazihusiani. Watu wengi hukosea hapa.

Kosa la pili ni la masoko yetu hasa. Hisa kadhaa za Nairobi, na hata za Dar es Salaam, hukaa siku nyingi bila kuuzwa. Bei inabaki palepale, na kompyuta itakuambia uhusiano wake na hisa nyingine ni karibu na 0. Hilo halina maana kwamba kampuni hiyo ina njia yake. Ni kwamba hakuna aliyeiuliza bei. Siku utakapotaka kuuza ndipo bei ya kweli itajitokeza, nayo inaweza kuwa imeshuka pamoja na nyingine zote. Ukiona mabadiliko mengi ya 0 mfululizo katika safu yako, usiamini jibu. Viwanja na nyumba vina udanganyifu huohuo: vinaonekana tulivu kwa kuwa havipewi bei kila siku.

Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ni njia nzuri kwa mwenye fedha kidogo, lakini nako tazama ndani. Mtu anaweza kuwa na mifuko mitatu ya soko la fedha, kutoka kampuni tatu, yote ikiwa imeshika dhamana zilezile za muda mfupi za Serikali na akaunti za muda maalumu katika benki zilezile. Taarifa ya mfuko huonyesha umeweka wapi fedha. Isome. Na usisahau mshahara wako: anayefanya kazi benki, akanunua hisa za mwajiri wake na kuweka akiba humohumo, anaweza kupoteza kazi na akiba katika mwezi mmoja.

Lipo jambo moja ambalo lazima nilieleze waziwazi, kwa sababu ukilikuta bila kujua utaona nimekudanganya. Uhusiano haukai mahali pamoja. Hisa na hatifungani ambazo 2016 zilikuwa na sababu ya kutengana, zilianguka pamoja mwaka 2023. Riba zilikuwa zinapanda, na Desemba mwaka huo Benki Kuu ya Kenya ilifikisha riba yake asilimia 12.5. Riba mpya zikipanda, hatifungani ya zamani inayolipa kidogo hupoteza bei, kwa kuwa hakuna atakayeinunua kwa bei kamili wakati mpya inalipa zaidi. Hisa nazo zilikimbiwa: faharasa ya hisa zote za Nairobi ilipoteza zaidi ya robo ya thamani yake mwaka ule. Mwenye vyote viwili aliumia mara mbili, ingawa mwenye hatifungani anayesubiri hadi ikomae bado hulipwa kiasi chake kamili.

Kilichopanda mwaka huo kilikuwa dola, iliyotoka takriban shilingi 123 hadi zaidi ya 155. Aliyekuwa na sehemu ndogo ya akiba kwa dola tangu mwanzo alipata mto wa kuegemea. Lakini wengi waliiona kinga hiyo ilipokuwa tayari imeshafanya kazi yake. Walibadilisha fedha Januari 2024, dola ikiwa karibu shilingi 160, na wengine waliuza hisa zao ili kuinunua. Katikati ya mwaka dola ilikuwa imerudi karibu na 130, na hisa walizoziacha kwa bei ya chini zilikuwa zimeanza kupanda.