Kinyago cha Wamakonde: Kichwani mwa Mchezaji na Ndani ya Kabati la Kioo

Wageni wetu hapa makumbusho ya Kisumu husimama mbele ya kabati, hukitazama kinyago usoni, husema kinatisha, kisha huondoka. Ukiwa na dakika tano tu za kukitazama kinyago chochote, tumia nne kutazama ndani yake. Uso ulichongwa uonekane kwa mbali, mchana wa jua kali au usiku wa moto, huku ukirukaruka. Habari za matumizi zimebaki upande wa kichwa.

Tuchukue lipiko, kinyago cha ngoma cha Wamakonde, wenyeji wa uwanda wa Mueda kaskazini mwa Msumbiji na wa Newala ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Tanzania. Yakiwa mengi huitwa mapiko. Lipiko halifungwi usoni, huvaliwa kichwani kama helmeti ya bodaboda. Huchongwa kwa mti mwepesi na kukombwa ndani hadi kuta zibaki nyembamba, kwani likiwa zito shingo haitastahimili ngoma. Chale huchorwa au hubandikwa kwa nta ya nyuki, na mara nyingi nywele za binadamu hupachikwa utosini. Likiwa la sura ya mwanamke, mdomo wa juu huweza kuwa na ndonya, kile kipande cha pambo kinachotiwa kwenye mdomo uliotobolewa.

Jambo ambalo kabati huliharibu zaidi ni mkao. Mchezaji haoni kupitia macho ya lipiko, huona kupitia mdomo wake. Kwa hiyo lipiko hukaa limelala nyuma kidogo, na mchezaji akisimama wima uso wa kinyago hutazama juu. Akiinamisha kichwa ghafla, uso ule hushuka na kuwakabili watazamaji. Ngoma nzima imejengwa juu ya mshtuko huo: anakimbia, anakata hatua pamoja na ngoma, anageuza kichwa, na watu wanarudi nyuma. Ukilisimamisha wima juu ya kijiti cha chuma, macho yakilingana na ya mgeni, umelipatia mkao ambao uwanjani huonekana kwa nukta chache tu.

Kinachokosekana pia ni mwili. Kitambaa kilichoshonwa ukingoni hufunika shingo, nguo hufunika viungo vyote, na njuga hulia kila anapotikisika. Ngozi haionekani, maana kwa wanawake na watoto yule hakuwa mtu, alikuwa mzimu uliofufuka. Wavulana walioingia jandoni ndio waliofunuliwa kwamba ndani mna mwanamume. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, nami sijui mahali methali hiyo inapokaa vizuri kuliko hapo. Kabati, kwa upande wake, humwonyesha siri hiyo kila aliyekata tiketi. Huku kwetu magharibi hatuna mapiko, ila aliyewahi kuwaona vijana wa jando la Watiriki wakicheza huku wamefunika nyuso hahitaji kuelezwa sana kwa nini uso hufichwa.

Sasa geuza kinyago, au mwombe mhifadhi akuonyeshe picha ya ndani. Kilichochezwa huwa kimelainika na kung'aa pale kilipogusa paji na utosi, na jasho huacha weusi usio sawa sawa. Matundu ya ukingoni huwa yameliwa na uzi upande mmoja, ule uliovutwa na uzito wa kitambaa. Cha kuuzia watalii huwa na ndani pakavu penye alama mbichi za patasi, matundu ya duara kamili, au hakina matundu kabisa. Jihadhari na weusi uliosambaa sawasawa ndani na nje: huo mara nyingi ni moshi au rangi ya kiatu. Hata hivyo kinyago kipya si lazima kiwe cha uongo, kwa kuwa mapiko bado huchongwa na kuchezwa.

Alama hizo za jasho ndizo zinazopandisha bei, na bei huita wezi. Mwaka 1984 lipiko liliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva lililinunua Paris, na halikurejeshwa kwa Tanzania hadi 2010. Picha na namba ya usajili ndiyo silaha ya kwanza ya mhifadhi.

Watu hutuuliza kwa nini tusivitoe vinyago vya zamani vikachezwe. Mbao nyembamba ikikauka miaka mingi hupasuka kwa jasho la dakika chache, na nta huachia ikipata joto. Hatari kubwa ni dawa: makumbusho mengi zamani yalipaka vitu vyake aseniki au DDT kuua wadudu, na sumu hiyo bado imo kwenye mbao na nywele. Usikivae, wala usikinuse.

Cha nyumbani kwako usikioshe kwa maji, rangi itatoka. Ukikuta unga laini chini yake, ni bungua, mdudu anayetoboa mbao. Kifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, kiweke wiki mbili kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukikitoa, acha mfuko umefungwa siku nzima, la sivyo umande utatua juu ya mbao.