Herufi ileile ya kodoni ya 6: ikibadilika ni selimundu, ikidondoka ni thalasemia

Je, kwa nini herufi moja ya jeni ikibadilika mara nyingi protini hubaki karibu vilevile, lakini herufi moja ikidondoka protini yote inaharibika?

Ribosomu, mashine ya seli inayojenga protini, husoma mRNA, yaani nakala ya jeni, herufi tatu tatu kuanzia AUG. Kila tatu ni kodoni moja, nayo huita asidi amino moja ya mnyororo wa protini au husema simama, na kati ya kodoni na kodoni hakuna nafasi wala alama yoyote. Herufi ikibadilishwa, kodoni moja tu ndiyo inayoguswa. Ikidondoka, kila herufi iliyo nyuma yake inasogea mbele hatua moja, na kutoka hapo tatu tatu zote zinakatwa mahali pasipo pake.

Jeni ya globini ya beta, mojawapo ya sehemu za himoglobini, inafaa sana kwa zoezi hili, kwa kuwa mambo yote mawili yamewahi kuipata herufi ileile. Mwanzo wa mRNA yake ni huu:

```
AUG GUG CAU CUG ACU CCU GAG GAG AAG UCU GCC
GUU ACU GCC CUG UGG GGC AAG GUG AAC ...
```

Metionini, asidi amino ya AUG, hukatwa baadaye, kwa hiyo kwa desturi hesabu huanzia GUG. Basi kodoni ya 6 ni GAG ya kwanza. (Ripoti za maabara za siku hizi huihesabu metionini pia, ndiyo maana humo utakuta imeandikwa 7. Hilo huwachanganya wengi.)

Tuanze na kubadilika. Herufi ya kati, A, ikiwa U, GAG inakuwa GUG. Kwenye jedwali la kodoni GAG ni asidi ya glutamiki, na GUG ni valini. Kodoni nyingine hazikuguswa, kwa hiyo mnyororo una asidi amino 146 kama kawaida, tofauti ikiwa moja. Lakini tofauti hiyo si ndogo: asidi ya glutamiki ina chaji na hupenda maji, valini huyakwepa. Oksijeni ikipungua, valini hiyo hujishikiza kwenye himoglobini ya jirani, zinaungana kuwa nyuzi ndefu, na seli nyekundu inapinda kama mundu. Huo ndio ugonjwa wa selimundu kwa mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili. Mwanabiokemia Vernon Ingram aliionyesha tofauti hiyo kwenye protini mwaka 1957.

Sasa badilisha herufi ya tatu: GAG iwe GAA. Jedwali linasema GAA nayo ni asidi ya glutamiki, kwa hiyo protini haibadiliki hata kidogo. Badilisha ya kwanza iwe U, upate UAG, na utakuwa umeandika amri ya kusimama: mnyororo unaishia kwenye asidi amino ya 5. Kwa hiyo usikadirie madhara kwa kuhesabu herufi zilizobadilika, tazama jedwali.

Haya, rudisha GAG ya asili, kisha ifute ile A ya kati. Usiguse kitu kingine. Andika herufi zote kwa mfululizo bila nafasi, halafu ndipo ukate upya tatu tatu:

```
... CCU GGG AGA AGU CUG CCG UUA CUG CCC UGU
    GGG GCA AGG UGA
```

Kuanzia kodoni ya 6 tunasoma: glisini, arijinini, serini, leusini, prolini, leusini, leusini, prolini, sisteini, glisini, alanini, arijinini, kisha UGA, yaani simama. Ilipaswa kuwa asidi ya glutamiki, asidi ya glutamiki, lisini, serini, alanini na kuendelea. UGA hiyo imo hata katika jeni ya kawaida, ila imegawanyika kati ya kodoni mbili, GUG na AAC, kwa hiyo haisomwi pamoja. Ukitazama vizuri, ni UG ya GUG na A ya AAC. Msogeo ndio unaozikutanisha. Zimebaki asidi amino 17, nazo 12 za mwisho si za globini. Kipande hicho hakifanyi kazi, na jeni hiyo haitoi globini ya beta kabisa. Ni mojawapo ya visababishi vya thalasemia ya beta, upungufu wa damu wa kurithi, vinavyojulikana katika nchi za Mediterania.

Kosa la kawaida kwenye mtihani ni kufuta A na kuacha nafasi zilipokuwa, ukapata kodoni yenye herufi mbili. Kodoni ya namna hiyo haipo.

Jaribu la mwisho: futa herufi tatu, GAG nzima. Mpangilio hausogei, AAG inabaki AAG, na protini inapungukiwa na asidi ya glutamiki moja tu. Himoglobini hiyo ipo kweli, inaitwa Leiden, na si imara kama ya kawaida. Ila kwa kuwa GAG ziko mbili, zimefuatana, huwezi kusema iliyotoka ni ya 6 au ya 7: mfuatano unaobaki ni uleule.