Lengo la hatua linavyopatikana kwenye simu

"Kwa nini programu ya simu imenipangia hatua 4,300 tu kwa siku, wakati kila mtu anasema ni 10,000?"

Kwa sababu 4,300 imetoka kwenye miguu yako, na 10,000 imetoka dukani. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Kijapani ya Yamasa ilianza kuuza kifaa cha kiunoni cha kuhesabu hatua, manpo-kei, kikibeba idadi hiyo ya 10,000 ndani ya jina lake. Ni namba nzima, rahisi kukumbuka, nayo ikasafiri dunia nzima.

Vipimo vilikuja baadaye sana. Mwaka 2019, I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanawake wazee 16,741 wa Marekani, wenye wastani wa umri wa miaka 72. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango cha chini kwa 41% kuliko waliotembea kama 2,700. Faida iliendelea kuongezeka hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi kwamba kutembea ndiko kulikowakinga, maana mgonjwa naye hutembea kidogo. Tena wale walikuwa wazee: uchambuzi wa mwaka 2022 uliounganisha tafiti 15 ulionyesha kwamba kwa walio chini ya miaka 60 faida hutulia kati ya 8,000 na 10,000. Kwa hiyo 10,000 si upuuzi kwa kijana. Kasoro yake ni kupewa mtu wa hatua 4,000 kama lengo la kesho asubuhi.

Sasa tuone 4,300 ilivyopatikana. Tuseme wiki yako ilikuwa hivi, Jumatatu hadi Jumapili: 3,900, 2,600, 4,300, 3,400, 4,800, 14,200, 1,900. Jumamosi ulikuwa na harusi. Wastani wa siku hizo ni kama 5,014, na ukiufanya kuwa lengo, ungekuwa umelifikia siku moja tu, ile ya harusi. Ndiyo maana mpangaji mzuri wa malengo ndani ya programu haugusi wastani. Huzipanga siku kama wanafunzi wanavyopangwa mstarini kwa urefu, mfupi mbele, mrefu nyuma, kisha humchukua wa tano kati ya saba. Yule wa mwisho hata akirefuka mara mbili, wa tano ni yuleyule. Hapa wa tano ni 4,300, na wiki hiyo umeshaufikia urefu huo mara tatu: Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Lengo ni gumu kidogo kuliko siku yako ya kawaida, lakini unalimudu.

Jumapili usiku hesabu hurudiwa. Ukipata 4,400, 3,100, 4,600, 4,350, 5,000, 4,700 na 2,300, wa tano sasa ni 4,600. Lengo limepanda hatua 300 bila mtu kuamua lipande. Ukiugua wiki nzima, litashuka lenyewe, na ni sawa lishuke. Inafaa pia kuweka kikomo, kwa mfano lisipande zaidi ya hatua 500 kwa wiki, ili wiki moja ya safari isikuachie mzigo.

Ushahidi wa njia hii bado ni mwembamba. Jaribio la Marc Adams na wenzake, la mwaka 2013, lilitumia kanuni ya jamii hii juu ya siku tisa zilizopita, na waliopewa malengo yanayobadilika waliongeza hatua nyingi zaidi kuliko waliopewa 10,000. Lakini walikuwa watu 20 tu, na kulikuwa na zawadi ndogo za fedha ndani yake.

Kanuni yote huharibika data ikiwa mbovu. Simu iliyosahaulika kitandani huleta siku ya hatua 212, na mpangaji akidhani ulishinda umelala, lengo linashuka bure. Siku hiyo hutambulika kwa saa nyingi mfululizo zisizo na hatua hata moja mchana. Inafaa iachwe nje ya mstari, isihesabiwe kama sifuri. Kinyume chake ni saa ya mkononi: ikiwa programu inajumlisha rekodi za saa na za simu pamoja, siku unazovaa saa huonekana karibu mara mbili ya nyingine. Programu inatakiwa isome jumla iliyokwishaunganishwa na Health Connect ya Android au Apple Health ya iPhone, hifadhi za data za afya kwenye simu, ambayo huondoa marudio.

Muhtasari wa jioni, ule ujumbe wa programu unaokuambia umebakiza hatua ngapi, nao una saa yake. Ukija saa sita usiku, ni taarifa ya msiba. Ukija saa kumi na mbili na nusu jioni na kusema zimebaki 900, bado kuna la kufanya: mwendo wa kuchangamka ni kama hatua 100 kwa dakika, basi ni dakika tisa, kwenda dukani na kurudi.