Kabla ya Kuandika Rufaa ya Matokeo, Pima Hoja Yako

Kila matokeo ya muhula yanapotoka, dawati letu hupokea barua za rufaa, na safari hii zimeongezeka. Wanaoziandika hawana nia mbaya, na baadhi yao wana haki kabisa. Lakini barua nyingi hukwama mapema kwa sababu hoja iliyomo haithibitishi kinachodaiwa. Makosa mawili ya kimantiki ndiyo yanayojirudia zaidi.

La kwanza ni kugeuza sharti. Mwanafunzi anaandika: "Kama karatasi yangu ingesahihishwa vibaya, ningepata alama ndogo. Nimepata alama ndogo. Kwa hiyo ilisahihishwa vibaya." Sentensi mbili za mwanzo zinaweza kuwa kweli, na bado hitimisho lisifuate. Aristoteli alilieleza kosa hili kwa mfano wa mvua: mvua ikinyesha ardhi hulowa, lakini ardhi iliyolowa si ushahidi tosha wa mvua. Huenda bomba limepasuka. Alama ndogo nazo zina njia nyingi za kuja: swali lililorukwa, jaribio lililokosa kuingizwa, jumla iliyokosewa, au majibu yenyewe kuwa dhaifu.

Namna ya kulipima ni kujiuliza: ningeona nini ambacho nisingekiona kama dai langu lingekuwa si kweli? Chukua mwanafunzi mwenye majaribio mawili yaliyorudishwa, moja 14 kati ya 20 na jingine 13 kati ya 20. Jumla ni 27 kati ya 40. Kwenye mfumo anaona 17, na mtihani wa mwisho 24 kati ya 60, hivyo amewekewa 41 badala ya 51. Huyu hahitaji kusema lolote kuhusu chuki ya mhadhiri. Karatasi zake mbili zinatosha, kwa sababu 17 haiwezi kupatikana kutoka 14 na 13 bila mtu kukosea mahali.

Kosa la pili ni kuhesabu waliofeli peke yao. Tuliletewa hoja ya namna hii: kati ya waliofeli 20, 15 wanatoka kundi B la semina, kwa hiyo msahihishaji wa kundi B anaonea watu. Inasikika nzito mpaka uulize makundi yana watu wangapi. Kundi B likiwa na wanafunzi 150 na kundi A likiwa na 50, waliofeli B ni 15 kati ya 150, na A ni 5 kati ya 50. Yote ni asilimia 10. Tofauti yote imetokana na ukubwa wa kundi. Na hata kama viwango vingetofautiana, ingebidi kwanza kujua kama makundi yalipangwa kwa bahati nasibu au kwa ufaulu wa mwaka uliotangulia. Hili tumelieleza mara nyingi, na bado barua huja na hesabu ya upande mmoja.

Kuhusu utaratibu: jaza fomu ya rufaa, ambatisha risiti ya ada ya rufaa na nakala za karatasi ulizorudishiwa (halisi baki nazo), taja msimbo wa kozi, kisha wasilisha ndani ya muda uliotangazwa na upokee nakala iliyogongwa muhuri. Barua ya kundi haipokelewi. Kila mtu hujaza fomu yake. Anayewasilisha karatasi iliyochezewa hupelekwa kamati ya nidhamu, hata kama dai lake la msingi lilikuwa sahihi. Kukataliwa kwa hoja dhaifu, kwa upande mwingine, si kosa la nidhamu, na hakuna anayeadhibiwa kwa kukata rufaa.

Jaribu haya matatu kabla ya kusoma majibu.

1. Kama mhadhiri ananichukia, hatajibu ujumbe wangu. Hajajibu. Kwa hiyo ananichukia.

2. Waliopata A, 8 kati ya 10 walikesha maktaba. Kwa hiyo kukesha maktaba ndiko kunakoleta A.

3. Kila aliyelipa ada, jina lake lipo kwenye orodha ya mtihani. Jina la Asha halipo. Kwa hiyo Asha hajalipa.

La kwanza ni sharti lililogeuzwa: huenda hajausoma. La pili limewaacha waliokesha maktaba na kupata C. Bila wao hatujui lolote. La tatu ndilo linalowakosesha wengi, kwa sababu hoja yake ni halali. Hitimisho linafuata. Kama Asha ana risiti ya ada mkononi, basi kilicho uongo ni sentensi ya kwanza, na malalamiko yake yaelekezwe huko: kuna aliyelipa ambaye orodha imemwacha.