Je, wajua kliniki inauzaje kitu ambacho mgonjwa hawezi kukipima?

"Tumepewa asaimenti ya kutumia dhana za masoko kwenye kliniki au shule binafsi, tukizingatia imani ya wateja, sheria na manufaa yasiyoonekana. Nimeandika P zote saba za mchanganyiko wa masoko, lakini mhadhiri amesema nimeeleza biashara yoyote ile. Nimekosea wapi?"

Chukua ulichoandika, futa neno "kliniki", weka "hoteli", kisha usome upya. Sentensi kama "wahudumu wawe wakarimu na mazingira yawe safi" itabaki imesimama vilevile, na hilo ndilo mhadhiri aliloliona. Sentensi unayoitaka ni ile inayoanguka ukiweka hoteli mahali pa kliniki.

Mgeni wa hoteli akilala vibaya, asubuhi anajua. Mgonjwa anaweza kutibiwa vibaya akatoka anashukuru. Mwaka 1970 mchumi Phillip Nelson alitenganisha sifa unazoweza kuzikagua kabla ya kununua, kama rangi ya shati, na sifa unazozijua baada ya kutumia, kama ladha ya chakula. Mwaka 1973 wachumi Darby na Karni wakaongeza aina ya tatu: sifa ambazo hata baada ya kutumia huwezi kuzithibitisha, au itakugharimu mno kuzithibitisha. Tuziite sifa za kuamini. Fundi amekwambia kifaa kilikuwa kibovu, akakibadilisha, gari linatembea. Je, kweli kilikuwa kibovu? Tiba imejaa sifa za namna hiyo, na asaimenti yako ingepaswa kuanzia hapo.

Tuchukue mtoto mmoja wa miaka miwili. Ana mafua na kikohozi, hii ni siku ya tatu, usiku halali vizuri, na mama yake amechoka. Kliniki ya kwanza inampa dakika tatu, sindano na chupa ya antibaiotiki. Mtoto mwingine mwenye hali ileile anapelekwa kliniki ya pili: anavuliwa shati, daktari anamtazama kifua, anasikiliza mapafu, anauliza kama ananyonya au kunywa, kisha anasema ni mafua ya kawaida, hayahitaji antibaiotiki, ampe maji ya kutosha na dawa ya homa ikipanda.

Mafua husababishwa na virusi, na antibaiotiki haziui virusi. Kwa kawaida hupungua yenyewe ndani ya wiki moja au siku kumi hivi, ingawa kikohozi kinaweza kubaki nyuma. Kwa hiyo watoto wote wawili watapona. Mama wa kwanza atasema ile kliniki ina dawa kiboko. Mama wa pili atasema amelipa pesa ya kumwona daktari akaondoka mikono mitupu. Uzoefu, ambao kwenye bidhaa nyingi ndio mwalimu wa mteja, hapa umempa tuzo aliyekosea. Kauli ya "mteja ni mfalme" ikiingizwa hapa bila kufikiri, inaifundisha kliniki ya pili kuiga ya kwanza. Ukilionyesha hilo kwenye insha, tayari umeshaacha kuandika habari za hoteli.

Sasa jiulize kliniki ya pili iliuza nini. Iliuza uamuzi. Iliuza uhakika kwamba mtoto hana nimonia, pamoja na kuepushwa na kuhara kunakoweza kuletwa na dawa asiyoihitaji. Vyote hivyo ni vitu ambavyo havikutokea, na kitu ambacho hakikutokea hakina rangi wala uzito.

Angalia dakika moja katika uchunguzi ule. Mtoto akiwa ametulia, daktari anahesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano anayekohoa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huhesabu pumzi 40 au zaidi kwa dakika kuwa ni kupumua kwa kasi, dalili inayoelekeza kwenye nimonia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 kiwango ni 50. Hiyo ndiyo dakika yenye thamani kubwa kuliko zote katika ziara ile, na mama anachokiona ni daktari aliyenyamaza akitazama tumbo la mtoto.

Daktari yuleyule akisema, "Mama, nisaidie asilie, nahesabu pumzi zake," kisha baada ya dakika akaongeza, "Ni 32. Kwa umri wake ningeanza kuwa na wasiwasi zikifika 40," tiba haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba mama ameona alichonunua. Mtaalamu wa masoko Lynn Shostack aliandika mwaka 1977 kwamba huduma haishikiki, hivyo mteja huihukumu kwa vitu anavyoviona vikiizunguka, na kazi ya mtu wa masoko ni kuusimamia ushahidi huo. Mwaka 1981 Booms na Bitner wakauingiza ushahidi unaoonekana, pamoja na watu na mchakato, kwenye mchanganyiko wa masoko uliokuwa na bidhaa, bei, mahali na matangazo, ndipo P nne zikawa saba.

Wanafunzi wengi wakifika kwenye P hiyo huandika sofa, rangi ya ukuta na sare. Sofa ni ushahidi wa sofa. Ushahidi unaoifaa kliniki hii ni karatasi anayoondoka nayo mama: tarehe, idadi ya pumzi, kilichoonekana, sababu ya kutopewa antibaiotiki, na dalili za kumrudisha upesi, yaani kupumua kwa kasi, kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi, kushindwa kunywa, kulegea kupita kiasi au degedege. Karatasi hiyo ina kazi ya kitabibu pia, kwa hiyo huwezi kushutumiwa kwamba umepamba tu.

Lakini msomaji mkali atauliza: kliniki mbovu nayo si inaweza kuchapisha karatasi nzuri? Inaweza. Ndiyo maana unahitaji wazo la mchumi Michael Spence la mwaka 1973 kuhusu ishara: ishara huaminika pale inapokuwa ghali zaidi kwa asiyestahili kuliko kwa anayestahili. Karatasi ni rahisi kuigwa. Jambo gumu zaidi kuigwa ni ahadi kwamba mtoto akirudi ndani ya siku tano kwa tatizo lilelile, kumwona daktari ni bure. Kliniki inayochunguza vizuri itarudiwa na wachache, na inayokosea mara kwa mara itajaza foleni ya wasiolipa. Hapo bei imefanya kazi ya kujenga imani, na wewe umeandika kuhusu bei bila kusema "bei iwe nafuu". Unafuu wenyewe una hatari yake. Mahali ambapo ubora hauonekani, watu huusoma kwenye bei, na punguzo kubwa la kumwona daktari linaweza kumfanya mzazi ajiulize nini kimepunguzwa.

Bado kwenye bei, chunguza kliniki inapata faida wapi. Ikiwa kumwona daktari ni karibu bure na faida yote iko kwenye dirisha la dawa, basi kila mara daktari anaposema "hahitaji dawa" kliniki inapoteza. Mama hahitaji shahada ya uchumi kulihisi hilo. Ada ya uchunguzi ikisimama peke yake, na ikalipwa iwe dawa zimetolewa au la, neno la daktari linakuwa na uzito zaidi.

Tukija kwenye sheria, kosa la kawaida ni kuiweka aya ya mwisho kabisa, chini ya "changamoto". Mchumi Kenneth Arrow alieleza mwaka 1963 kwamba leseni na miiko ya udaktari vipo kwa sababu mgonjwa hawezi kujikagulia tiba mwenyewe. Kwa maneno mengine, usajili wa kliniki na leseni ya daktari ni sehemu ya bidhaa: ni imani iliyoazimwa kutoka kwa mkaguzi. Cheti kilichotundikwa pale mapokezi, chenye namba ambayo mzazi anaweza kuiulizia kwa msajili, kina kazi kubwa kuliko bango.

Sheria pia inachora mpaka wa matangazo. Masharti hutofautiana kati ya nchi na nchi, na lazima uyasome ya kwako, ila yanayokutana nawe mara nyingi ni katazo la kuahidi kupona, la kujitangaza kuwa bora kuliko wenzako, na la kutoa siri za mgonjwa. Kuna nchi zinazokataza hata ushuhuda wa wagonjwa. Sasa linganisha matangazo mawili. "Kikohozi cha mwanao kwisha ndani ya siku mbili" linaahidi matokeo, ambayo daktari hana mamlaka nayo. "Kila mtoto anayekohoa huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima, na mzazi huondoka na maelezo ya maandishi" linaahidi mchakato, ambao uko mikononi mwa kliniki na unaweza kukaguliwa. La pili ni salama zaidi kisheria, na kwa maoni yangu linauza vizuri zaidi, maana mzazi akifika analiona likitimizwa. Picha ya mtoto aliyepona akiwa amebebwa na daktari iache. Hata mama akikubali leo, mtoto hakuulizwa.

Utaulizwa pia jinsi ya kupima mafanikio, na mkono utakwenda wenyewe kwenye SERVQUAL, dodoso la kupima ubora wa huduma la Parasuraman, Zeithaml na Berry la mwaka 1988 lenye nyanja tano: kutegemewa, kuitikia haraka, kutia imani, kujali, na vinavyoonekana. Litumie, lakini sema linapima nini. Linapima mteja alivyoona. Mama wa kliniki ya kwanza angeipa alama za juu kabisa. Kwa hiyo weka kando yake kipimo kinachotoka kwenye rejista: kati ya watoto walioandikiwa mafua ya kawaida mwezi huu, wangapi walipewa antibaiotiki, na wangapi walirudi wakiwa na hali mbaya zaidi. Ukiona kuridhika kunapanda huku antibaiotiki nazo zinapanda, kliniki inanunua furaha ya wateja kwa tiba mbovu.

Ukichagua shule badala ya kliniki, mantiki ni ileile ila ushahidi unadanganya kwa njia nyingine. Wastani wa mtihani unaonekana sana, lakini shule inayochuja wanafunzi mlangoni inaweza kuonyesha wastani mzuri bila kuwafundisha vizuri. Kilicho karibu na ukweli ni umbali: mtoto aliingia na alama gani, ametoka na gani. Halafu kuna jambo ambalo kliniki yetu inalo kwa sehemu tu: anayelipa ni mzazi, anayeketi darasani ni mtoto, na mtoto akikua anaweza kuja na maoni yake tofauti kabisa.

Mwisho wa insha usiiambie kliniki ya pili kwamba itawapata wazazi wote. Wapo ambao, baada ya kuhesabiwa pumzi na kupewa karatasi, bado watapita kliniki ya kwanza kuchukua chupa. Andika hivyo. Kisha taja sehemu ya soko ambayo mkakati huu unawalenga, labda wazazi wenye watoto wadogo wanaorudi kliniki mara nyingi, ambao ziara ya nne au ya tano ndiyo huwaonyesha kwamba daktari huyu akisema "leo anahitaji dawa", anamaanisha.