Tangazo la kazi likisema "mwisho leo"

Mwezi wa Mei, masika yakikaribia kukatika, baadhi ya hoteli za ufukweni Unguja zilizofunga milango kupisha mvua hujiandaa kwa wageni wa Juni. Wapishi waliopumzishwa wengine wameshapata kazi kwingine, na meneja anaandika: "Tunahitaji mpishi haraka, kazi inaanza tarehe 1 Juni." Haraka hiyo ni ya kweli. Imetoka kwenye kazi yenyewe, kwa kuwa wageni wanakuja na jiko halina mtu. Ukimpigia meneja, atakueleza jiko lina watu wangapi, mshahara unaanzia wapi, na atakutaka ufike kesho umpikie kitu aonje. Naye ana haraka ya kukuona.

Watafuta kazi wengi wanaofika kwenye dawati letu wameambiwa kwamba neno "haraka" peke yake ni dalili ya utapeli. Si kweli, na ushauri huo umewakosesha watu kazi halali. Cha kuangalia ni kitu gani kinafungwa muda ukiisha.

Tangazo la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa mfano, huandika tarehe ya mwisho wa kutuma maombi, na maombi hupokelewa kupitia portal.ajira.go.tz. Tarehe ikipita, kinachofungwa ni kupokea maombi. Baada ya hapo mambo hayaendi mbio tena: maombi yanachambuliwa, walioteuliwa wanaitwa kwenye usaili, pengine wa mchujo kwanza, halafu wa mahojiano. Tarehe ni moja kwa waombaji wote, aliyeliona tangazo siku ya kwanza na aliyeliona siku ya mwisho.

Sasa tazama ujumbe wa aina tunayoletewa mara kwa mara: "NAFASI 40 KIWANDANI. Haijalishi elimu. Zimebaki 6. Mwisho LEO saa 10 jioni. Tuma jina na 15,000 ya fomu na vipimo vya afya." Hauna tarehe, una "leo" tu. Kwa hiyo ukitumwa tena Alhamisi, leo inakuwa Alhamisi. Tafuta maneno yake kwenye simu yako au muulize aliyekutumia aliupata lini. Mara nyingi utakuta zile nafasi 6 zimekuwa 6 kwa wiki 3. Na kinachofungwa saa 10 jioni si maombi. Ni malipo. Hakuna aliyekuuliza umewahi kufanya kazi gani, wala unaishi wapi kama utawahi zamu ya alfajiri. Mwajiri mwenye pengo la watu 40 angeuliza hayo kabla ya kitu kingine.

Kuhusu hiyo 15,000: Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mtafuta kazi ada, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Fomu, "usajili" na "sare" ndizo hizo za mlango wa nyuma.

Kuna kundi la tatu ambalo huzungumzwa kidogo. Kampuni ipo, ofisi ipo, hakuna anayedai pesa, lakini tangazo lake la "haraka" linarudi kila mwezi, mara nyingi la kuuza bidhaa kwa kamisheni. Huo si wizi, ila haraka isiyoisha inakuambia watu hawakai hapo. Kabla ya kwenda, uliza swali moja: aliyekuwa kwenye nafasi hii ameondoka kwa nini?

Kauli ya "maombi yatapitiwa kadiri yanavyoingia, nafasi inaweza kujazwa mapema" usiichanganye na vitisho. Waajiri wadogo huiandika kwa nia njema, na hapo kuwahi kunakusaidia kweli.

Ukibaki na shaka, ujaribu muda wenyewe. Mwambie uliyewasiliana naye: "Nitafika ofisini kesho asubuhi na vyeti vyangu, nielekeze jengo." Meneja wa hoteli atakuelekeza, au atakuambia waziwazi kwamba jana amepata mtu. Tapeli atakujibu kwamba kesho nafasi itakuwa imekwenda. Hapo usimalizie mazungumzo. Mwambie pesa hujapata, unaitafuta, labda utaipata kesho jioni. Mlango uliokuwa unafungwa leo saa 10 utafunguka tena: "Sawa dada, nakushikia nafasi yako, hata nusu tuma kwanza." Muda uliokataa kusogea kwa ajili ya vyeti vyako umesogea kwa ajili ya pesa. Usitume kitu. Hifadhi ujumbe pamoja na namba uliyoambiwa ulipie, kisha upeleke polisi.