Bolti moja, saizi zote: jedwali la Excel linavyofanya kazi ndani ya mchoro

Mwambie fundi wa gereji akupe bolti ya 17. Akiwa amezoea magari ya Kijapani, atakuletea bolti yenye kipenyo cha milimita 12, kwa sababu kwenye magari hayo M12 kwa kawaida hufunguliwa kwa spana namba 17. Mwombe mwingine anayeshughulika na mitambo ya zamani ya Ulaya, naye atakuletea M10, maana kiwango cha Kijerumani cha DIN 933 kiliipa M10 kichwa cha 17. Fungua sasa kiwango cha kimataifa cha ISO 4014: M10 ina kichwa cha 16, M12 ina cha 18, na 17 haimo kabisa.

Naanza na spana kwa sababu ofisi yetu ya usanifu hupokea michoro mingi ya mashine, na ndani yake bolti ndiyo kitu kinachokosewa bila mtu kushtuka. Mchoraji anahitaji M8, anaichora. Kesho anahitaji M12, anafungua faili la M8, anabadilisha kipenyo, analihifadhi kwa jina jipya. Baada ya wiki ana faili kumi na moja, na katika tatu kati ya hizo kichwa bado ni cha M8. Dawa yake ni kuchora bolti moja tu, kisha vipimo vya saizi zote vikae kwenye jedwali ambalo programu inalisoma lenyewe. Programu kadhaa zina njia hii. Hapa nitatumia SolidWorks, ambayo jedwali lake hufunguka ndani ya Excel.

Kabla ya jedwali, bolti yenyewe ichorwe vizuri. Urefu wa bolti ya kichwa cha pembe sita hupimwa kuanzia chini ya kichwa hadi ncha, kichwa hakihesabiwi. Kwa hiyo chagua bapa moja liwe uso wa chini wa kichwa. Kutoka hapo kichwa kiinuke juu, na shina lishuke chini kutoka bapa hilohilo. Wengi huchora kichwa kwanza kisha wakaanzisha shina juu ya uso wowote uliopo, au wanapima urefu wote kutoka juu ya kichwa. Kwa saizi moja hutaona tofauti. Ukibadilisha saizi, unene wa kichwa unabadilika na kuula urefu wa shina, na M16 ya milimita 80 inakuwa ya 70 bila programu kulalamika hata kidogo.

Kila kipimo kitakachobadilika kipe jina. Programu huviita vipimo `D1`, `D2` na kuendelea, majina ambayo baada ya mwezi mmoja hata aliyechora hayakumbuki. Mimi hutumia herufi zilezile za kwenye jedwali la kiwango: `d` kipenyo, `s` upana wa kichwa kati ya nyuso mbili zinazotazamana (hapo ndipo spana inaposhika), `k` unene wa kichwa, `L` urefu, na `b` urefu wa sehemu yenye uzi. Hatua za mchoro nazo nazipa majina ya Kiswahili, programu haijali lugha. Uzi uwe wa picha tu, usiuchonge mzunguko kwa mzunguko. Uzi halisi hufanya faili kuwa zito, na hakuna anayeuhitaji kwenye mchoro wa mashine nzima.

Sasa nenda `Insert > Tables > Design Table`, ambayo kwenye matoleo mapya ya programu imeandikwa `Excel Design Table`. Seli ya `A1` ina jina la jedwali. Mstari wa pili, kuanzia `B2`, ndio wa majina ya vipimo. Safu ya `A`, kuanzia `A3`, ndiyo ya majina ya bolti. Usichape majina ya vipimo kwa mkono: bofya seli tupu ya mstari wa pili, kisha bofya mara mbili kipimo chenyewe kwenye mchoro, nalo jina litajiandika. Jedwali letu linaonekana hivi:

```
         d@MchoroShina  s@MchoroKichwa  k@Kichwa  L@Shina  b@Uzi
M8x40    8              13              5.3       40       22
M10x50   10             16              6.4       50       26
M12x25   12             18              7.5       25       25
M12x60   12             18              7.5       60       30
M16x80   16             24              10        80       38
```

Safu ya kipenyo cha mzizi wa uzi nimeiacha ili jedwali lisijae. Inaongezwa vivyo hivyo. Ukibofya nje ya jedwali, programu inalifunga na kukutajia matoleo ya bolti iliyoyatengeneza, matano kwa mfano huu.

Tazama safu ya `s` na ya `k`. Darasani tulifundishwa kwamba upana wa kichwa ni mara moja na nusu ya kipenyo. Ukiweka kanuni hiyo kwenye seli, M12 itatoka 18 na M16 itatoka 24, sawasawa na kiwango. Utafurahi na kuamini. Lakini M10 itatoka 15 badala ya 16, na M8 itatoka 12 badala ya 13. Kanuni ile iliwekwa kwa ajili ya kuchora kwa penseli ubaoni, ambako milimita moja haimuumizi mtu. Unene wa kichwa una hadithi hiyohiyo: kanuni ya 0.7 ya kipenyo inaipa M10 milimita 7 wakati kiwango kinasema 6.4. Kwa hiyo safu hizi mbili zijazwe namba halisi, moja baada ya nyingine, huku kiwango kikiwa wazi pembeni. Inachosha, lakini hufanywa mara moja tu.

Safu ya `b` ni tofauti, kwa sababu hapo kiwango chenyewe kinatumia kanuni. Kwa bolti isiyozidi milimita 125, urefu wa uzi ni mara mbili ya kipenyo, ongeza 6. Excel ifanye hesabu hiyo:

```
=MIN(2*B3+6, E3)
```

Hiyo `MIN` haipo kwa urembo. M12 inadai uzi wa milimita 30, ila bolti yetu ya M12x25 ina milimita 25 tu za kuuweka. Bolti fupi namna hiyo huwa ya uzi mtupu, na kiwango chake ni ISO 4017. Bila `MIN`, jedwali lingeomba uzi mrefu kuliko shina. Kwa bolti za zaidi ya milimita 125 hadi 200, ile 6 inakuwa 12, na zaidi ya 200 inakuwa 25, hivyo ukifika huko kanuni ya seli ibadilishwe.

Mimi mwenyewe nilikwama hapo mwanzoni. Nilikuwa nimechora shina kwa vipande viwili: kipande laini kinachoshuka kutoka kwenye kichwa, halafu kipande cha uzi kimekaa kwenye mwisho wa kile laini. Ilipofika bolti ya uzi mtupu, kipande laini kilitakiwa kiwe sifuri, na programu haikubali urefu wa sifuri. Nikaongeza safu ya `$STATE@Laini` na kuandika `S` kwenye mstari wa M12x25, yaani hatua hiyo izimwe. Ikazimika kweli, na uzi nao ukatoweka. Bolti ikabaki kichwa peke yake. Hatua iliyojengwa juu ya nyingine ni mtoto wake. Ukimzima mzazi, mtoto anazimika naye. Ndiyo sababu sasa shina langu ni kipande kimoja kwa urefu wote, na uzi unahesabiwa kutoka nchani.

Kuna makosa mengine ambayo chanzo chake ni Excel, si mchoro. Ukiziita bolti zako `8-40` na `10-50`, Excel itadhani ni tarehe na kukupa mwezi wa Agosti na wa Oktoba, ila `16-80` itaiacha kama ilivyo kwa sababu hakuna mwezi wa 16. Ukianza na herufi M hupati shida hiyo. Alama za `/` na `@` nazo hazikubaliki kwenye majina. Jambo la pili ni safu tupu: programu husoma hadi inapokuta safu au mstari usio na kitu, kisha inasimama. Ukiruka safu kwa bahati mbaya, vipimo vya upande wa pili havisomwi. Lakini tabia hiyohiyo ina faida, kwani unaweza kuruka safu moja kwa makusudi na kuweka maelezo yako mbele yake. La tatu ni kipimio cha faili. Namba za jedwali hufuata kipimio kilichowekwa kwenye faili, hivyo kama faili lilianzishwa kwa inchi, 12 yako itakuwa inchi kumi na mbili.

Utajuaje kuwa matoleo yote yako sawa? Macho hayatoshi, kwa sababu M10 yenye kichwa cha 15 inapendeza kabisa kwenye skrini. Mimi huhesabu uzito. Kwa chuma cha gramu 7.85 kwa sentimita ya ujazo, na kwa kuwa uzi ni wa picha na hauondoi nyama, M12x25 iwe karibu gramu 39 na M12x60 karibu gramu 70. Tofauti ya gramu 31 ni uzito wa milimita 35 za nondo ya 12, wala kichwa hakiingii. Washa kila toleo, soma uzito kwenye `Mass Properties`, ulinganishe. Ukikuta matoleo mawili ya urefu tofauti yana uzito uleule, safu ya `L` haikushika.

Baada ya hapo ufunge mlango. Mtu akibofya kipimo kwenye mchoro na kukibadilisha moja kwa moja, badiliko linaweza kurudi hadi kwenye jedwali. Kwenye mipangilio ya jedwali chagua `Block model edits that would update the design table`, ili namba zibadilike kupitia jedwali peke yake. Jina la bolti kwenye safu ya `A` nalo usilichezee baada ya bolti kuanza kutumika. Kwa programu, jina jipya ni bolti mpya, na michoro ya mashine itaendelea kushikilia ile ya zamani.

Turudi kwa spana. Karakana moja iliwahi kuchora kinga ya mkanda wa mashine ya kusaga kwa M12 ya ISO, na nafasi ya soketi ikapimwa kwa kichwa cha 18. Dukani zikapatikana M12 za DIN, ambazo kichwa chake ni 19, na soketi ikagota ukutani. Kwenye jedwali, bolti hizo ni mistari mingine tu: `M12x60-DIN` yenye `s` ya 19, na `M10x50-DIN` yenye `s` ya 17. M8 na M16 hazihitaji nyongeza, kwa kuwa viwango vyote viwili vinakubaliana kwenye 13 na 24. Kwenye mchoro wa mashine unabadilisha toleo la bolti, unaona kama soketi bado inapita, na mnunuzi anapewa jina ambalo muuza duka hawezi kulisoma kwa namna mbili.